Asanteni kwa sapraizi ya Mama

Habari za asubuhi wapendwa. Mama bado anauliza nani alijua. Nimemjibu: wote, isipokuwa wewe.

Shangazi Zawadi, asante kwa pilau, na zaidi kwa wazo la kulipikia kwa jirani. Harufu ile ingetoka jikoni kwetu, siri ingekufa saa nane mchana.

Dada Neema, kumtoa Mama nyumbani Jumamosi si mchezo. Kisingizio cha kwenda kwa fundi kupima gauni kilifaa kwa sababu alitoka amejipamba, ndiyo maana picha zote kapendeza. Na ile meseji yako ya "tuko njia panda" ilitupa muda wa kuzima taa na kuondoa viatu mlangoni. Viatu ndivyo vingetuumbua! Baraka ndiye aliyeviona, wengine tulikuwa tunahangaika na maputo.

Mjomba Hamisi, umepakata keki kutoka Kariakoo hadi Mbagala kwenye joto lile, na jina halikuyeyuka. Juma, asante kwa spika. Baba, tulikuwa na wasiwasi na wewe kuliko watoto, lakini umetunza siri. Hongera.

Michango imebaki kidogo. Kama hakuna anayepinga, tumnunulie doti ya kanga, Mama Kulwa achague jina.

Sufuria kubwa ya Mama Kulwa iko kwangu, nimeshaiosha. Kuna na hotpoti ya bluu, mwenyewe ajitokeze.