Kwa mdogo wangu, kuhusu ile hotuba ya shukrani

Mdogo wangu mpendwa,

Mama amenipigia simu, akaniambia hulali vizuri tangu Baba aseme kwamba siku ya sherehe utasimama useme neno. Stashahada ya uuguzi umeipata, mahafali Kampala yamepita salama, kilichobaki ni hema pale nyumbani Arua, na hapo ndipo unapotetemeka. Nimekujua tangu utotoni, najua kwako kuongea mbele ya watu ni mzigo mzito. Kwa kuwa mimi hushika maikrofoni kwenye sherehe za watu mara kwa mara, nakuandikia ninavyoijua kazi hiyo. Naiweka wazi ili na wenzako wenye haya kama wewe waisome.

Hotuba ya shukrani ndiyo hotuba nyepesi kuliko zote kwa mtu mwenye haya, kwa sababu huongei na umati. Unaongea na mtu mmoja, kisha na mwingine, na wale wengine wote wanasikiliza tu. Ukifika kwenye jina la Baba, mtafute Baba alipokaa, umwambie yeye. Ukimaliza, mtafute Shangazi. Macho yako yasihangaike kwenye viti vyote vile.

Majina ndiyo yanayoharibu hotuba nyingi. Mhitimu anaanza na mgeni rasmi, anaingia kwa mwenyekiti wa LC, diwani, mchungaji, shehe, baba wadogo wote, mashemeji, na bado anamsahau mjomba mmoja ambaye atanuna mpaka Krismasi. Dakika zimekwisha, na hakuna aliyeshukuriwa kwa lolote. Wewe taja mgeni rasmi, mwenyekiti na wazee wa ukoo, kisha sema "itifaki imezingatiwa", uendelee. Mwenyekiti usimruke, huku kwetu atalikumbuka.

Kisha chagua watu wachache, na kila mmoja umtajie kitu kimoja alichokifanya. "Asante kwa msaada wako wote" haiingii moyoni mwa mtu. Nimekaa nikakuandikia hii hapa kwa yale ninayoyajua. Badilisha utakapoona sivyo:

"Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa LC, wazee wa ukoo, ndugu na marafiki, itifaki imezingatiwa. Nimesimama kusema asante.

Baba, karo ilipokwama mwaka wa pili, uliuza pikipiki yako, ukawa unakwenda kazini kwa miguu. Hukuniambia. Niliambiwa na majirani. Asante, Baba.

Shangazi, ulinipokea Kampala kwenye chumba kimoja, wewe na watoto wako. Nikirudi kutoka zamu, nilikuta chakula kimefunikwa na taa inawaka. Asante, Shangazi.

Wauguzi mlionilea wodini, mlinionyesha jinsi ya kutafuta mshipa mara ya pili bila kumtisha mgonjwa. Asanteni.

Bibi, awadifo.

Wengi sijawataja. Nitawafuata majumbani kwenu niwashukuru.

Mama, kila nilipoondoka ulinifungia kopo la karanga za kusaga, ukasema nile na wenzangu. Wenzangu wako hapa leo, na kopo lile wanalikumbuka. Asante, Mama.

Asanteni nyote. Chakula kiko tayari, karibuni."

Ni maneno kama 120 tu. Ukiyasoma polepole, ukawaachia watu nafasi ya kuitikia na kupiga makofi, yanakaribia dakika mbili. Ukiona umemaliza ndani ya dakika moja, unakimbia.

Tazama jinsi ilivyopangwa. Inaanza na salamu mbili kwa sababu nyumbani kwetu wamo Waislamu na Wakristo, lakini pia kwa sababu salamu hujibiwa. Mkutano unapokuitikia, wewe unapumua. Sauti hutetemeka zaidi mwanzoni, maana mtu mwenye hofu huvuta pumzi akaizuia kifuani. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote, toa pumzi yote nje taratibu, ndipo uanze. Na wakati wanaitikia salamu ya pili, toa tena.

Bibi nimempa neno moja la Kilugbara kwa sababu Kiswahili hakimfikii vizuri, na ni haki yake asikie shukrani yake bila kutafsiriwa na jirani wa kiti. Wengine wote, wa Arua, wa Koboko, na wenzako kutoka Kampala, Kiswahili kitawaunganisha.

Mama nimemweka mwisho kwa makusudi. Hapo ndipo utakapolia, nakujua, na ukilia katikati, nusu ya hotuba itapotea. Akiwa mwisho, kinachobaki baada yake ni mstari mmoja. Machozi yakija, shusha maikrofoni mpaka kifuani, usiombe radhi, wala usijilazimishe kuendelea na sauti imekatika. Akina mama watapiga vigelegele, nao ndio watakaokuvusha. Wakinyamaza, sema mstari wa mwisho. Neno la chakula litawainua watu vitini, na hakuna atakayekutazama unavyorudi kukaa.

Usiikariri yote. Kariri salamu na huo mstari wa mwisho, basi. Yaliyobaki yaandike kwenye vipande vya manila vyenye ukubwa wa kiganja, herufi kubwa, kila mtu kipande chake. Karatasi nyembamba hutetemeka pamoja na mkono, na ikikaribia maikrofoni huchakarisha, kila mtu akajua unaogopa. Manila imetulia. Simu nayo usiitumie, kioo chake huzimika ukiwa umeinua macho, na juani hakisomeki.

Maikrofoni ishike kwenye mpini, chini ya kile kichwa cha wavu, umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Watu wenye haya huishikilia karibu na tumbo, kisha mafundi wa muziki wanaongeza sauti ili wasikike, ndipo inapoanza kupiga mluzi. Ikipiga mluzi, usiizibe kwa mkono, utazidisha. Angalia kama umesimama mbele ya spika, urudi nyuma yake.

Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, uani jioni, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo. Kusoma kimya kitandani hakukusaidii, kwa sababu mdomo ndio unaopaswa kuzoea. Mwite binti wa Baba mdogo akae mbele yako, umwambie yeye maneno ya Baba, halafu ya Shangazi, ili uzoee kuhamisha macho. Ukikwama kwenye neno lile lile kila mara, lifute uweke lingine unalolitumia kila siku.

Kama asubuhi ya siku yenyewe utaona kweli haiwezekani, mwambie Baba mapema, usisubiri uitwe. Utasimama kando yangu, nitaisoma mimi, na wewe utasema "Asante, Mama" peke yake.

Mshereheshaji nimeshazungumza naye. Atakuita baada ya Baba, kabla ya keki, na nimemwomba asikuulize swali lolote mbele ya watu. Mimi nachukua basi la usiku, nitafika asubuhi. Nitakuja na manila na kalamu nene.

Ndugu yako mkubwa