Uliruka mstari, swahiba

Jinja, Jumapili jioni

Swahiba wangu wa Arua,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Video uliyonitumia nimeitazama mara tatu. Umeuliza kwa nini mzee na bintiye wanaonekana kama hawazungumzi pamoja. Wote wawili wanatazama kulia! Ulipoigeuza kamera umpige picha binti, ulivuka ule mstari unaopita kati ya nyuso zao. Ungebaki upande uleule, mzee angetazama kulia na binti kushoto. Kwa kuwa gauni lake halina maandishi, jaribu kuigeuza picha yake kama kwenye kioo, ila uangalie asije akashika kikombe mkono wa kushoto ghafla.

Hata mimi nilipata kazi ya namna hiyo kule Masese, nilipompiga picha fundi mmoja wa mitumbwi akihojiwa na mwanagenzi wake. Kamera moja tu. Kwa dakika 18 nilimpiga mzee peke yake, maiki ikinasa sauti za wote wawili. Kisha nikahamia kwa kijana, upande uleule wa mstari, umbali uleule, nyuso zilingane ukubwa. Mzee nilimwomba asiondoke kitini, kijana apate pa kutazama.

Kijana alirudia maswali kama anayesoma tangazo. Nikayaacha. Nilitumia swali lake la kwanza, sauti tu, huku tukimwona mzee akisikiliza kabla ya kujibu. Kwa kijana nilihitaji uso unaosikiliza, basi nikamwambia mzee asimulie tena ulivyozama mtumbwi wake. Ukimwambia mtu atikise kichwa, atatikisa kama mjusi ukutani. Mpe kitu cha kusikiliza, na uchukue sehemu ambazo midomo yake imefungwa.

Kazi ilikuwa katikati. Mzee anaeleza kukalafati, yaani kuziba nyufa za mtumbwi kwa pamba, anakohoa, analalamikia bei ya mbao, kisha anarudi kwenye pamba. Nilikata sekunde 40 na kichwa chake kikaruka kutoka bega hadi bega. Hapo nikachomeka picha ya mkono wake ukisukumia pamba kwenye ufa wa mbao. Nilikosea kuianzisha palepale kwenye mkato, ikaonekana kiraka. Nikaivuta nyuma, ikaingia sekunde moja kabla, anapotaja pamba, ikatoka baada ya maneno mawili ya sentensi inayofuata. Chini yake nililaza sauti ya upepo na maji niliyoirekodi sekunde 30 watu wamenyamaza, maana bila hiyo ukimya ulitoboka kwenye mkato.

Mkono wenyewe niliupiga saa kumi na mbili jioni, mahojiano yalikuwa saa tisa. Ngozi ikawa rangi ya chungwa. Nilipunguza wekundu kidogo, lakini kivuli kirefu cha nyundo hakikufutika, kwa hiyo nikaisogeza fremu hadi kikabaki nje.

Nitumie klipu zote za binti, hasa zile kabla hajaanza kusema. Pengine anayesikiliza yumo humo.

Wako,
yuleyule wa Masese