Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: rudisheni zile karatasi za swali la wakimbizi wa Ngara zisahihishwe upya

Mheshimiwa Afisa Elimu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Historia huku Mufindi. Nimeshaandika kwa njia za kawaida, nimepitia kwa mkuu wangu wa shule, nimepitia kwa mratibu, majibu ni "tunalifanyia kazi". Sasa wiki hii tumerudishiwa matokeo ya moku na nimeona nisipolisema hili hadharani litapita kama mengine yalivyopita.

Swali lilikuwa zuri kabisa. Lilimtaka mwanafunzi aeleze wakimbizi wa Rwanda walioingia Ngara mwaka 1994, yaani chanzo, maisha ya wenyeji waliowapokea, na sheria za kimataifa zinasemaje. Tatizo ni mwongozo wa kusahihishia uliotoka ofisini kwako. Umeandika kwamba walioingia Ngara ni Watutsi waliokuwa wanakimbia mauaji ya kimbari, chanzo ni ukabila, basi, na sheria ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi. Binti mmoja wa darasani kwangu kaandika tofauti, kapewa sifuri kwenye kipengele cha chanzo, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi!

Naomba unisikilize taratibu. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali akiwa anarudi kutoka kwenye kikao hapa hapa Dar es Salaam, kikao cha kusukuma utekelezaji wa mkataba wa amani uliosainiwa Arusha Agosti 1993. Mauaji ya Watutsi na Wahutu waliopinga serikali yakaanza usiku ule ule na kesho yake. Jeshi la RPF, ambalo kiini chake ni watoto wa wakimbizi waliofukuzwa Rwanda kuanzia 1959 wakakulia Uganda, likaanza kusonga mbele tena. Lilipokaribia mashariki ya nchi ndipo tarehe 28 Aprili watu kama 250,000 wakavuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Wengi wao walikuwa Wahutu. Walikuwa wanaikimbia RPF, na wengi walikuja wakiongozwa na viongozi wao wa maeneo walikotoka, wale wale ambao baadhi yao walisimamia mauaji. Pale mpakani walinyang'anywa silaha na mapanga yakarundikwa chungu nzima kando ya barabara. Mtu anayesema hao wote walikuwa wahanga wa mauaji ya kimbari hawezi kueleza lile rundo la mapanga, na anayesema wote walikuwa wauaji naye hawezi kueleza wale akina mama na watoto wadogo waliokuwemo. Binti kaandika yote mawili. Sifuri.

Na hapo ndipo sheria inapoingia, siyo kama pambo la mwisho wa insha. Mkataba wa 1951 unamtaka mkimbizi awe na hofu yenye msingi ya kuteswa yeye kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi au siasa. Ungemhoji nani mmoja mmoja pale Rusumo siku ile? Afrika ilikuwa na jibu tayari, mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wa 1969, unaomtambua pia mtu aliyekimbia vita au matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi yake, ndiyo maana kundi zima linaweza kupokelewa kwa pamoja. Mwongozo wako haukuutaja hata kwa mstari mmoja, na sisi Tanzania tuliutumia! Lakini mikataba yote miwili inasema pia kwamba aliyefanya uhalifu dhidi ya binadamu hana haki ya kuitwa mkimbizi. Kwenye kambi ya Benaco huko Ngara alikuwemo Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi kule Rwanda, akituhumiwa kusimamia mauaji. Juni 1994 lilipofanyika jaribio la kumtoa kambini, umati ukawazingira wafanyakazi wa misaada, zoezi likakwama. Alikuja kukamatwa 2002 na mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu mauaji ya Rwanda ikamtia hatiani 2011. Yaani sheria ilikuwepo, mtu alijulikana, polisi wa kutosha kambini hawakuwepo. Hicho ndicho ninachotaka watoto wajifunze, kwamba sheria bila mtu wa kuisimamia inafika mahali inakwama.

Wenyeji nao mwongozo umewapa mstari mmoja, "uharibifu wa mazingira". Ni kweli miti iliisha kwa kuni, lakini Ngara ilikuwa zaidi ya hapo. Wageni walizidi idadi ya wenyeji. Mkulima mwenye shamba na nguvu alipata vibarua wa bei chee akapanua shamba, akauza ndizi, akabadilishana kwa mahindi ya msaada. Mwenyeji maskini aliyekuwa anaishi kwa kibarua ndiye aliyeumia maana ujira ulishuka na yeye hakuwa na shamba la kupanua. Wizi ukaongezeka. Hapo hapo zikaja ajira za mashirika, barabara na zahanati zikarekebishwa. Kwa hiyo ukiuliza "wenyeji walipata au walipoteza" inabidi uulize kwanza mwenyeji yupi. Mtoto wa Mufindi anaelewa hili haraka sana, anajua kibarua wa kwenye chai anavyoumia vibarua wakijaa.

Halafu mwisho wake. Desemba 1996 serikali yetu pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kabla ya tarehe 31. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza, karibu nusu milioni wakavushwa kurudi. Mkataba wa 1969 unasema kurudi kuwe kwa hiari. Mimi naona serikali ilikuwa imechoka kweli na wenyeji walichoka, lakini hiari haikuwepo, na mwanafunzi akiandika hivyo asikatwe maksi eti "anaikosoa serikali" kama ilivyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi moja niliyoishika mimi.

Mheshimiwa, mwanzoni mwa mwaka kwenye semina ulisimama mbele yetu ukaahidi vitini vya mada hii pamoja na ramani. Tukapiga makofi. Havijaja. Nimetoa fotokopi kwa hela yangu hapo Mafinga, umeme ukikatika nasubiri, watoto wanashea karatasi moja wanne watano, ramani ya Kagera nachora ubaoni kwa chaki, na mshahara wenyewe unaujua maana ulishawahi kuwa mwalimu. Sijalalamika kwa hayo. Lakini nifundishe kwa hela yangu halafu mtoto anyimwe maksi kwa sababu kajua zaidi ya mwongozo, hapana, hilo limenishinda. Nahisi mwongozo ulinakiliwa mahali haraka haraka usiku wa kuamkia usahihishaji, au aliyeutunga alichanganya Ngara na wakimbizi wa miaka ya sitini, ambao kweli wengi walikuwa Watutsi. Sijui, ila mtu akiusoma mara moja tu anaona.

Siombi semina tena. Hata vitini nimeacha kuviulizia. Naomba kitu kimoja, karatasi za swali lile zirudishwe zisahihishwe upya kwa mwongozo uliorekebishwa kabla matokeo hayajapelekwa mkoani. Wasahihishaji tupo, tutakuja wenyewe hata Jumamosi bila posho. Karatasi zirudishwe tu Mheshimiwa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Historia, Mufindi