Sikio kwanza, ulimi baadaye

Igoma, Mwanza

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Magu. Sisi huku hatujambo, tunapambana tu na mitihani ya kusahihisha.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu Kidato cha Kwanza wanaochanganya “l” na “r” kwenye Kiingereza. Afadhali umeniuliza kabla hujaanza kuwaimbisha darasa zima. Mtoto asiyesikia tofauti atarudia nyuma yako mpaka kengele ilie, na kila mara ataamini ametamka vile vile ulivyotamka. Kwa watoto waliokulia kwenye Kisukuma, sauti hizo mbili hazitenganishi neno na neno, ndiyo maana wakati wa uchaguzi utani wa kura na kula hauishi. Basi anza na sikio.

Chukua jozi moja tu: “road” na “load”. Kushoto kwa ubao chora barabara, kulia chora mzigo. Maneno yenyewe usiyaandike, kwa sababu ukiandika watakariri herufi badala ya kusikiliza. Funika mdomo wako kwa daftari, maana midomo hujikunja kidogo kwenye “r” na wajanja watasoma uso wako. Wewe sema neno, wao wafumbe macho wainue kidole kimoja kwa barabara, viwili kwa mzigo. Kufumba macho ni lazima, la sivyo darasa zima litamfuata yule binti wa dawati la mbele. Baada ya kila neno waambie jibu papo hapo, kisha lirudie. Wasipoambiwa, sikio halina cha kujirekebishia.

Wakishazoea, wape jaribio la maneno 10 kwenye karatasi, waandike 1 au 2. Mpangilio uandae mapema, usiwe wa zamu kwa zamu. Anayepata 5 au 6 anabahatisha. Anayepata 8 pengine anasikia, lakini usimwamini moja kwa moja: katika darasa la watoto 45, wawili watatu wanaweza kufika 8 kwa bahati tu. Rudia jaribio kesho yake kwa mpangilio mwingine.

Angalia pia makosa yanaelekea wapi. Kuna watakaosikia mzigo kila mahali, na kuna watakaogeuza kila kitu kuwa barabara kwa sababu wamechekwa sana na sasa wanaikimbia “l”. Hao wa pili usiwakazanie “r” tena, utawaharibu zaidi.

Usitumie sauti yako peke yake. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwafundisha Wajapani sauti hizi hizi kwa kuwasikilizisha wasemaji tofauti, na wakaboreka. Utafiti wa mwaka 1997 ukaonyesha kwamba mazoezi ya kusikiliza peke yake yaliboresha hata matamshi. Wewe rekodi kwenye simu walimu watatu au wanne wanaotofautisha vizuri, wake kwa waume.

Sasa ulimi. Kwa “l”, ncha ya ulimi igandishwe kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu. Waambie wabaki hivyo hivyo, kisha wavute pumzi ndani kwa mdomo: ubaridi utapita pembeni mwa ulimi. Asiyeusikia huko pembeni, ulimi wake haujagusa sawasawa. Kwa “r” ya Kiingereza ncha haigusi kitu. Waanze na “aaa” ndefu, wakunje ncha taratibu kuelekea juu bila kufika, sauti isikatike. Ikikatika, imegusa. Kwa kweli, mtoto akitumia “r” yetu ya Kiswahili inayopiga ufizi mara moja mimi simkosoi, ataeleweka. Ninachotaka ni asiseme mzigo akimaanisha barabara.

Mwisho wakae wawili wawili. Mmoja anasema, mwenzake anaonyesha picha, wewe unapita tu. Picha ikikosewa msiamue haraka kwamba msemaji ndiye amekosea. Mwite wa tatu asikilize. Hayo yote yanatosha dakika 40. “Fry” na “fly” ziache kipindi kijacho, kwani konsonanti mbili zikibanana pale mwanzoni hata waliofaulu “road” huteleza, na utasikia sato akirushwa angani badala ya kukaangwa.

Kuhusu “ship” na “sheep” uliyogusia, usianzie Kiswahili chenye irabu tano. Kisukuma kina irabu saba, na kati ya “i” na “e” kuna nyingine inayokaribia sana ile ya “ship”. Muombe mwanafunzi anayekisema vizuri nyumbani alete maneno mawili yanayotofautiana hapo tu, aanze yeye kuwajaribu wenzake, halafu ndipo ulete Kiingereza.

Matokeo ya jaribio la kwanza nitumie kabla hujapanga kipindi cha pili, nione makosa yameelekea upande gani. Rekodi zangu nitakutumia kwa WhatsApp leo jioni. Msalimie shemeji.

Wako,
Mwalimu wa Igoma