Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni: tatizo si ukali, ni umbo la mwanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu taa za magari yanayopishana usiku kati ya Moshi na Arusha. Mimi hupakia nyanya na vitunguu Moshi na kuvifikisha soko la Kilombero kabla hakujapambazuka, na kila nikiiacha Boma Ng'ombe nyuma nakutana na magari ambayo dereva wake ameshusha taa kabisa, yuko kwenye dimu, na bado namwona kama aliyewasha fulu. Tumezoea kumlaumu kwamba hana adabu barabarani. Mara nyingi tunamwonea, kwa kuwa hajui taa zake zinafanya nini, na nasema hivyo kwa sababu mwaka jana nilikuwa mmoja wao.

Pikapu yangu inatumia balbu ya halojeni ya aina ya H4, ile yenye nyuzi mbili zinazowaka, moja ya dimu na moja ya fulu. Taa zilikuwa zimefifia, muuzaji wa vipuri akanishauri nitoe halojeni nitie LED, na fundi akazibadilisha kwa dakika chache. Usiku wa kwanza nilifurahi mno, kwa sababu lami mbele ya bampa iling'aa nyeupe. Lakini magari niliyopishana nayo yalinimulika moja baada ya jingine, na nilipofika Usa River nilikuwa nimeshaelewa kwamba kosa ni langu.

Siku iliyofuata niliegesha gari mita 5 kutoka ukuta wa ghala, mahali penye sakafu ya saruji iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wa kawaida. Kitovu cha taa kilikuwa sentimita 78 kutoka chini, nikapiga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hichohicho. Taa ya dimu iliyolengwa vizuri hushuka takriban sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita moja, kwa hiyo kwa mita 5 nilitaka ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 6 chini ya chaki. Nilirudisha kwanza balbu moja ya halojeni nione tofauti. Ukingo ulionekana wazi kana kwamba umekatwa kwa kisu: upande wa kulia, wanakotoka wenzetu, ulikuwa umelala, na upande wa kushoto ulipanda kidogo kumulika pembeni mwa barabara. Nilipotia LED, ukingo ule ulifutika. Mwanga mzito ulibaki chini, lakini ukungu mweupe ulipanda hadi sentimita 5 juu ya chaki.

Sentimita 5 ukutani zinaonekana si kitu, lakini mwale uliopanda sentimita 5 kwa mita 5 hupanda sentimita 40 ukifika mita 40. Jumlisha na zile 78 za kimo cha taa, unapata sentimita 118, na hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyeketi kwenye gari dogo.

Sababu iko ndani ya taa yenyewe. Uzi wa dimu katika H4 ni mwembamba, unatoa mwanga pande zote, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli linaloakisi. Mhandisi aliyechora bakuli lile alilikunja akijua uzi umekaa wapi na kikombe kinaziba nini. Balbu ya LED haina uzi. Ina chipu zilizobandikwa kwenye nyuso mbili za kibao, moja inatazama kushoto na nyingine kulia, na unene wa kibao unazitenga na mahali uzi ulipopaswa kuwa. Uzi hukaa kama milimita 25 kutoka kwenye bakuli, kwa hiyo chanzo cha mwanga kikihama milimita 1 tu, mwale unaotoka pale unahama karibu sentimita 20 kwenye ukuta ulio mita 5. Kwa hesabu hiyo, balbu yenye mwanga hafifu inaweza kupofusha na yenye mwanga mkali isipofushe. Magari yaliyotoka kiwandani na LED hayamo katika lawama hii, maana bakuli au lenzi yake ilichorwa kwa ajili ya chipu hizo. Hata Ujerumani, ambako balbu za LED za kubadilisha ziliruhusiwa mwaka 2020, kila balbu huruhusiwa kwa taa za modeli zilizopimwa na kuorodheshwa, si kwa gari lolote ambalo balbu inaingia.

Mafundi wengi watakwambia, "Shusha tu taa." Nilijaribu. Nilizungusha skrubu ya nyuma ya taa mpaka ukungu wote ukashuka sentimita 6 chini ya chaki, na mwanga mzito ukaenda nao hadi sentimita 17 chini. Taa iliyoshuka hivyo inagusa lami mita 23 mbele ya gari, wakati ile ya halojeni ilifika mita 65. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linamaliza mita 22 kwa sekunde moja. Nilikuwa na lami nyeupe mbele ya bampa, na mwenye baiskeli aliye mbali zaidi simwoni.

Jirani yangu ana gari lililotoka Japani lenye fulu inayojiwasha na kujishusha yenyewe, ile inayoonyesha herufi A karibu na alama ya taa kwenye dashibodi, naye anaamini mfumo huo unamtoa katika lawama. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele inatafuta taa za gari linalokuja na taa nyekundu za lililo mbele. Mtembea kwa miguu, mkokoteni, au bodaboda ambayo taa yake ya nyuma imeungua, kwake ni giza tupu, na fulu inabaki usoni mwao. Tena kamera inachofanya ni kurudisha taa kwenye dimu, na yeye ameshatia LED kwenye taa yake ya halojeni, kwa hiyo dimu yenyewe haina ukingo.

Ninaomba wakaguzi wa magari wa hapa Kilimanjaro na wenzao wa Arusha wasitoshwe na kuona taa inawaka. Ukuta na chaki vinatosha kuanzia, na gari la mizigo lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu nyuma ya pikapu yangu ikishuka sentimita 5 kwa magunia, pua inainuka kiasi kwamba hata halojeni iliyolengwa vizuri inavuka mstari.

Na mwenye taa zilizofifia apime umeme kabla ya kununua balbu. Mimi nilikuta volti 13.6 kwenye betri na 12.2 kwenye soketi ya taa, upungufu unaopoteza karibu theluthi ya mwanga wa halojeni. Niliweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na waya mnene kutoka kwenye betri, nikang'arisha plastiki ya taa iliyokuwa ya manjano, nikarudisha H4 za kawaida za wati 60/55. Soketi sasa inasoma 13.3, ukingo uko sentimita 6 chini ya chaki, na tangu hapo sijamulikwa tena njiani kwa sababu ya taa zangu.

Dereva wa mizigo,
Moshi