YAH: RIBA YA MKOPO WANGU KUTOSHUKA BAADA YA BENKI KUU KUPUNGUZA RIBA YAKE

Kwa Meneja wa Mikopo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo wa riba inayobadilika na pia amana ya muda maalumu katika tawi hilohilo. Naandika kwa sababu akaunti hizi mbili zimepokea habari moja kwa namna mbili tofauti kabisa.

Benki Kuu ilipopandisha riba yake kutoka asilimia 9 hadi 11, mlinitumia barua mwezi uleule, na riba ya mkopo wangu ikatoka 14 hadi 16. Sikulalamika, kwani mkataba unaruhusu. Sasa Benki Kuu imeshusha hadi 9.5. Amana yangu ya milioni 4 ilipoiva na kuwekwa upya kwa miezi mitatu, mliipa asilimia 7.5 badala ya 9 ya awali, yaani faida ya 75,000 badala ya 90,000. Hilo pia nalikubali. Lakini mkopo umebaki palepale kwenye 16. Pengo kati ya riba ya Benki Kuu na riba ninayolipa lilikuwa asilimia 5, leo ni 6.5, na hakuna barua iliyonieleza limeongezwa lini wala na nani.

Salio langu ni milioni 12 na imebaki miaka minne. Kwa asilimia 16, riba ya mwezi huu peke yake ni 160,000. Kwa 14.5 ingekuwa 145,000, na rejesho langu la kila mwezi lingeshuka kutoka takriban 340,000 hadi takriban 331,000. Kwa mwezi mmoja si fedha ya kugombania. Kwa miezi 48 inazidi laki nne.

Nilipouliza dirishani, ofisa wenu (kijana mstaarabu, sina ugomvi naye) alinijibu kwamba fedha mnazokopesha zinatokana na amana, na amana nyingi bado zimefungwa kwa riba ya zamani, hivyo gharama yenu haijashuka. Maelezo hayo yana ukweli. Riba ya Benki Kuu huanza kugusa mikopo ya usiku mmoja baina ya mabenki, kisha dhamana za serikali za muda mfupi, na amana za muda maalumu hufuata kila moja inapoiva. Tena fedha zilizoko kwenye akaunti za hundi, ambazo hamzilipi riba, haziwezi kuwa nafuu zaidi ya bure. Kwa hiyo sishangai gharama yenu ikishuka polepole, tena kwa chini ya asilimia 1.5 kamili.

Ila hesabu hiyohiyo ilikuwepo riba zilipopanda. Wakati ule amana zilikuwa zimefungwa kwa riba ya chini, na akaunti za hundi zilikuwa bure vilevile. Gharama yenu haikuruka asilimia 2 ndani ya mwezi mmoja, lakini riba yangu iliruka. Kama kuchelewa kwa amana ni sababu, basi iwe sababu pande zote mbili. Vinginevyo ni mkuki kwa nguruwe.

Sababu ya pili niliyopewa ni kwamba mikopo chechefu imeongezeka. Mkataba wangu unasema riba ni kiwango cha msingi cha benki kujumlisha nyongeza ya asilimia 3 isiyobadilika hadi mwisho wa mkopo. Hatari ya mteja imo ndani ya nyongeza hiyo. Haiwezi kuingizwa tena kwenye kiwango cha msingi kwa mlango wa nyuma, na sijawahi kuchelewesha rejesho.

Halafu kuna bango lenu pale mlangoni linalotangaza mkopo kama wangu, kwa muda uleule, kwa asilimia 14.5 kwa wateja wapya. Kumbe fedha ya bei nafuu ipo. Mteja mpya anashushiwa kwa sababu anaweza kwenda benki nyingine. Mimi kuhama kunanigharimu ada ya kulipa mkopo kabla ya muda na gharama za kusajili upya dhamana ya nyumba, na nadhani mnalijua hilo.

Naomba mnipe kwa maandishi hesabu ya kiwango chenu cha msingi kwa kila tarehe kilipobadilishwa tangu riba zianze kupanda, pamoja na tarehe ya mapitio iliyopita ya mkopo wangu. Pia riba irekebishwe kuanzia tarehe hiyo, na kilichozidi kipunguzwe kwenye salio la mkopo, si kwa kufupisha muda bila kuniuliza. Nisipopata jibu ndani ya siku 30, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Nakala za mkataba, barua ya kupandisha riba na hati mbili za amana nimeziambatisha.

Wenu,
Mteja wa mkopo na amana
(saini)