Salamu za Qingming kutoka Guangdong

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani na nyie mlio huku China, Qingming, siku ya Wachina ya kusafisha makaburi ya wazee wao, imefika. Sijaandika "heri ya sikukuu" makusudi, maana huku wengi hawaipendi hiyo salamu siku ya leo, ni siku ya makaburini, wanatakiana amani na afya bas, nami nawatakia hivohivo.

Huwa ni tarehe 4 au 5 Aprili, kama siku 15 baada ya ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana, yaani inafuata jua, haihamihami kama Mwaka Mpya wao.

Mwaka jana familia ya mama mwenye nyumba wangu walinichukua mpaka kijijini kwao. Kaburi la babu liko kilimani, nyasi zimefika kiunoni, kwa hiyo kwanza panga na fagio mpaka jiwe likaonekana, kijana mmoja akapaka rangi nyekundu kwenye maandishi yaliyofifia, halafu vipande vya karatasi vikawekwa juu ya kaburi na kugandamizwa na mawe madogo, anayepita ajue huyu ana watoto na wamekuja.

Nilidhani sasa wanamgeukia babu, kumbe wa kwanza ni mungu wa ardhi, ana kijiwe chake hapo pembeni, anapewa udi wake maana ndo anayelinda pale. Ndo babu sasa akaandaliwa, kuku mzima wa kuchemsha, nguruwe mzima wa kuchoma ngozi inang'aa, machungwa, wali, vikombe vitatu vya chai na vitatu vya pombe ya mchele, na vijiti vya kulia kabisa kama mtu anakaa mezani. Kila mmoja alishika vijiti vitatu vya udi akainama mara tatu, kuanzia wakubwa, na mama alikuwa anaongea naye kawaida tu, baba mjukuu wako kafaulu, kula ushibe.

Pesa za bandia za karatasi, zile wanazomchomea babu azitumie huko aliko, hazichomwi papo hapo, wanasubiri udi uende kwanza, babu apate muda wa kula. Mimi nikataka kuchokoa moto ushike vizuri, shangazi akanishika mkono, ukichokoa pesa zinachanika, atapokea vipande. Ila hawakuondoka mpaka majivu yamemwagiwa maji, maana kilima kikiwa kikavu cheche moja inatosha, na sehemu nyingi serikali imeshapiga marufuku kuchoma, watu wanapeleka maua.

Chakula hakiachwi kule. Nguruwe alikatwakatwa akagawiwa kila nyumba iliyokuja, na mimi nikapewa fungu langu kwenye mfuko, kwa kweli lilinigusa sana.

Nyie mlio Dar, pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofia kazini Tanzania, wakiwemo wa enzi za kujenga TAZARA, familia zao ziko mbali, na kila Qingming Wachina wenzao wanaenda kuwawekea maua. Ukipita karibu wasalimie.